Dripu, maharage na thamani ya p

Binti wa jirani yangu hapa Busanza anamalizia shahada ya uuguzi, na juzi aliniletea rasimu ya tasnifu yake niipitie. Majedwali yake yalijaa nyota. Kila mstari ambao thamani ya p ilishuka chini ya 0.05 ulipewa nyota moja, chini ya 0.01 nyota mbili, na mistari isiyo na nyota alikuwa ameagizwa aifute kwa kuwa "haina matokeo". Mipaka ya uhakika, ile ambayo makala za kitabibu huiandika kwa herufi CI, haikuwepo hata mahali pamoja. Nilipomuuliza imekwenda wapi, alisema kompyuta iliitoa, yeye ndiye aliyeiondoa ili jedwali lienee kwenye ukurasa.

Nikalikumbuka kundi langu la Jumamosi. Enzi hizo wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakija sebuleni kwangu mchana, na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi walifika wakitoka umuganda, viatu vina udongo mwekundu. Wengi walikuwa wauguzi wa ngazi ya A2 waliokuwa wakisomea A1 huku wanafanya kazi. Hawakuwa watoto: walikuwa na zamu za usiku na familia za kulisha, na miongoni mwao alikuwemo mama mmoja aliyekuwa wodi ya watoto tangu mimi nikiwa bado naishi Bukoba. Tulichanganya Kinyarwanda na Kiswahili, hasa kwa ajili ya waliotoka Goma na Bukavu, ilhali makala tuliyokuwa tukiisoma ilikuwa ya Kiingereza. Ndege ikiteremka Kanombe tulinyamaza kidogo, kisha tukaendelea.

Sikutaka kuwafundisha takwimu kwa mifano ya kubuni. Nilichagua utafiti mmoja tu, uliofanyika kwa majirani zetu na juu ya kazi ambayo mikono yao wenyewe ilikuwa ikiifanya: jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Lilifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, miongoni mwake Kilifi, Mbale, Soroti na ile ya Teule iliyopo Muheza. Watoto wenye homa kali ambao damu ilikuwa haizunguki vizuri, mikono baridi, kucha zikichelewa kurudisha rangi, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa bolasi ya seline, yaani mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, zikiingia haraka mshipani. La pili lilipewa bolasi ya albumini. La tatu halikupewa bolasi yoyote. Lilipata dripu ya kawaida ya polepole, pamoja na dawa, oksijeni na damu kwa aliyehitaji, kama wenzao. Ilipangwa waandikishwe watoto 3,600. Januari 2011 kamati ya usalama ilishauri uandikishaji usimamishwe wakiwa 3,141.

Ndani ya saa 48 walikufa 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa seline, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa bolasi.

Mama wa wodi ya watoto aliweka kalamu chini. "Mwalimu," alisema, "mimi nimewawekea watoto dripu hizo miaka yote, na nimewaona kwa macho yangu wakifumbua macho." Hakuna aliyecheka. Nikamwambia asiukubali utafiti kwa heshima yangu wala ya jarida, ila tuzipige hesabu zake mezani, halafu aseme mwenyewe.

Tulianza na mstari ambao kila mtu huukimbilia: bolasi ya aina yoyote ikilinganishwa na kutokuwepo bolasi, uwiano wa hatari 1.45, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 kuanzia 1.13 hadi 1.86, p 0.003. Kijana mmoja kutoka Rubavu akaeleza kwa kujiamini kwamba kuna uwezekano wa tatu tu katika 1,000 kuwa matokeo haya ni ya bahati, kwa hiyo tuna hakika ya asilimia 99.7 kuwa bolasi inaua. Ufafanuzi huo nimeusikia vyuoni, nimeusikia kwenye semina, na nimewahi kuuona umechapwa kwenye kitini cha kufundishia. Si sahihi, na kueleza kwa maneno kwa nini si sahihi hakujawahi kunisaidia. Siku ile nilikwenda jikoni nikarudi na maharage.

Sikuanza na watoto 3,141, maana mkono usingeweza. Makala ile ina kundi la pembeni la watoto 29 waliokuwa na hali mbaya zaidi, shinikizo la damu likiwa limeshuka mno. Kati ya 13 waliopewa albumini walikufa 9. Kati ya 16 waliopewa seline walikufa 9 pia. Kwa asilimia ni 69 kwa 56, pengo la pointi 13, na msomaji wa haraka atasema albumini ni mbaya zaidi. Nilihesabu maharage mekundu 18 kwa ajili ya waliokufa na meupe 11 kwa waliopona, nikayatia kwenye bakuli. Kisha nikasema: tuchukulie kwamba aina ya maji haikubadilisha chochote, kwamba watoto hawa 18 wangekufa hata wangepewa maji gani. Kama ni hivyo, kugawa makundi ni sawa na kuchota maharage 13 bila kutazama. Tuchote, tuhesabu mekundu, turudishe, tukoroge, tuchote tena.

Mama alifumba macho akachota. Mekundu 8. Akachota tena, 10. Kijana wa Rubavu akapata 7. Mwingine 9, mwingine 8, mwingine 6. Tuliziandika nyuma ya kalenda ya zamani mpaka nafasi ikaisha. Ukichota 8, makundi mawili yanakaribiana kabisa. Idadi nyingine yoyote inaleta pengo linalofika au kupita lile la kwenye makala. Na hiyo 8, kwa hesabu kamili, hutoka takriban mara tatu tu katika kila kumi. Maana yake pengo kama lile lililochapishwa, au kubwa zaidi, upande wowote, hutokea kama mara saba katika kumi hata pale ambapo maji yote ni sawa. Hiyo ndiyo thamani ya p: 0.70 kwa njia hii ya maharage. Njia za mkato zinazotumiwa na kompyuta hutoa namba ndogo zaidi kwa kuwa watoto ni wachache, ila hakuna inayoishusha hata karibu na 0.05.

Hapo kijana wa Rubavu akajikosoa mwenyewe. Alisema: "Kumbe sisi tulianza kwa kuchukulia kwamba hakuna tofauti. Hatuwezi tena kuitumia p kusema kuna uwezekano kiasi gani kuwa hakuna tofauti." Hivyo ndivyo ilivyo. P ya 0.003 inasema kwamba kama bolasi isingebadilisha lolote, pengo kubwa kiasi hiki, au zaidi yake, lingetokea mara tatu hivi katika migawanyo 1,000. Haisemi bolasi ina uwezekano gani wa kuua. Ili kusema hilo ungehitaji pia kujua tulikuwa na sababu gani ya kuamini au kutoamini kabla ya jaribio, na p haijui habari za kabla.

Wiki iliyofuata tuliacha p tukaingia kwenye mipaka, na hapa ndipo nilipokaa nao muda mrefu zaidi, kwa sababu muuguzi haulizwi wodini kama pengo lingemshangaza mtu anayeamini hakuna pengo. Anaulizwa ni kubwa kiasi gani. Niliwakataza kutumia programu yoyote, simu tu kwa kuzidisha na kugawanya. Waliopewa bolasi kwa jumla ni 2,097, waliokufa 221, yaani 0.105. Wasiopewa ni 1,044, waliokufa 76, yaani 0.073. Pengo, ukilipiga bila kukata desimali mapema, ni kama 0.033: katika kila watoto 100 waliopewa bolasi walikufa watatu zaidi na kidogo.

Kisha tukatafuta kutikisika kwa pengo hilo. Kwa kila kundi unazidisha sehemu ya waliokufa kwa sehemu ya waliopona, unagawanya kwa idadi ya watoto wa kundi. Unajumlisha majibu mawili, unatafuta kipeo cha pili. Ilitoka 0.0105. Unazidisha kwa 1.96, unapata 0.0205, ambazo ni pointi mbili hivi za asilimia. Ukiziondoa kwenye pengo unapata 1.2, ukiziongeza unapata 5.3. Kwa lugha ya wodi: katika kila watoto 100, bolasi iliongeza vifo vitatu, huenda ikawa kimoja tu, huenda vikawa vitano. Mama aliziandika namba hizo tatu kwenye kiganja kwa kalamu, kama anavyoandika joto la mgonjwa pakiwa na haraka.

Makosa mawili yalijitokeza palepale na nimeyaona tena na tena tangu hapo. La kwanza: binti mmoja alisema asilimia 95 ya watoto wako kati ya 1.2 na 5.3. Hapana. Hakuna mtoto anayekaa ndani ya mipaka hiyo. Mtoto anakufa au anapona. Mipaka ni ya pengo lenyewe, na ile asilimia 95 ni sifa ya njia ya kuichora: majaribio mengi yakifanywa hivi na kila moja likachora mipaka yake, kama 95 katika kila 100 yatakuwa yamelizingira pengo la kweli, na matano yatakuwa yamelikosa. Jaribio lililo mezani ni la wapi kati ya hayo hatuambiwi.

La pili ni la kiufundi zaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta sifuri alitazama mstari wa albumini kwa seline, uwiano 1.01, mipaka 0.78 hadi 1.29, akasema: sifuri haimo, kwa hiyo tofauti ipo. Lakini huu ni uwiano. Ukigawanya hatari mbili zilizo sawa unapata 1, si 0. Sifuri ni ya kutoa, moja ni ya kugawanya. Kabla hujasoma mipaka tazama kwanza kichwa cha safu kinasema nini. Nimeona watu wenye vyeo wakiteleza hapo.

Mstari huohuo wa albumini kwa seline una p ya 0.96, na ulituchukua alasiri nzima. Wote walikubaliana: p iko karibu na 1, kwa hiyo imethibitika kuwa maji hayo mawili ni sawa. Niliwarudisha kwenye mipaka. Mwisho wa chini, 0.78, ungemaanisha albumini inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Mwisho wa juu, 1.29, ungemaanisha inaviongeza kwa karibu tatu katika kumi. Data hizo zinapatana na yote yaliyo katikati. Tunachoweza kusema ni kwamba tofauti kubwa mno haipo na kwamba dalili ya upande wowote haikuonekana. Kusema "ni sawa" ni kuongeza neno ambalo namba hazikulitoa. Nikawaomba waweke kando yake wale watoto 29, ambako uwiano ni 1.23 na mipaka, ukiipiga kwa hesabu zilezile za vifo, ni 0.70 hadi 2.16. Hapo hata kuongezeka vifo mara mbili hakujakataliwa. Mistari hiyo miwili yote haina nyota. Kwenye jedwali la nyota ingefutwa pamoja, ingawa mmoja umetuambia mengi na mwingine karibu hakuna.

Nyota ina ila nyingine, na niliwaonyesha kwa kuipunguza FEAST makusudi. Tuseme wangeandikishwa robo tu ya watoto, kama 785, na asilimia za vifo zikabaki zilezile. Kwa kuwa idadi imo ndani ya kipeo cha pili, robo ya watoto haifanyi mipaka kuwa mipana mara nne bali mara mbili: 3.3 kutoa 4.1, na 3.3 kuongeza 4.1. Pengo ni lilelile la vifo vitatu kwa kila 100, lakini mipaka sasa inaanzia chini ya sifuri na kufika 7.4, na p inapanda hadi 0.12 hivi. Nyota imeondoka. Msimamizi angesema futa mstari, na hospitali zingeendelea na bolasi kama kawaida. Msomaji wa mipaka angeona jambo tofauti kabisa: jaribio dogo ambalo halijaondoa uwezekano wa vifo saba zaidi kwa kila watoto 100.

Mama alikuwa bado hajaridhika kuhusu macho yake. Alikuwa na haki. Mwaka 2013 timu ileile ilichapisha uchambuzi wa yaliyotokea ndani ya saa ya kwanza, nikawaletea. Dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa bolasi na asilimia 32 ya wasiopewa, p chini ya 0.001. Kwa hiyo alichokiona kilikuwa kweli: mtoto anafumbua macho, mikono inapata joto, muuguzi anamaliza zamu akiwa na moyo mkunjufu. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, na sehemu kubwa vilihusishwa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kabisa. Hapa ilikuwepo p ndogo kuliko ile ya vifo, na ilielekeza upande wa pili. Thamani ya p haijui ni tokeo gani linalomhusu mzazi aliyekaa kwenye benchi. Nadhani ni jambo hili, zaidi ya hesabu zote, lililomfanya mama yule aanze kuuliza kila makala: "Wamepima nini, na saa ngapi?" Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye mikutano ya utafiti. Alisema pia kwamba yale maharage tusiyapike, na hatukuyapika.

Mwishoni tulisoma ukurasa ambao wanafunzi huuruka, ule wa nani aliingizwa na nani aliachwa. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, wala wenye kuharisha na kutapika, wala wa majeraha ya moto, ajali au upasuaji. Zaidi ya nusu ya walioingizwa walikuwa na malaria, na karibu theluthi walikuwa na himoglobini chini ya 5. Hospitali hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Wauguzi walijua nani amepewa bolasi na nani hajapewa. Mipaka ya 1.13 hadi 1.86 haina habari na hayo yote. Inapima kutikisika kunakotokana na bahati ya mgawanyo, basi. Haiwezi kukuambia lolote kuhusu mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara, ambaye hesabu yake ya maji ni nyingine kabisa. Mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu alirudi kazini akitaka kuzuia dripu ya haraka kwa kila mtoto, na wenzake ndio waliomshika mkono kwa ukurasa huo.

Binti wa jirani nimemrudishia rasimu yake. Nimemwomba arudishe mistari aliyoifuta, aondoe nyota, na kila mstari uwe na makadirio, mipaka yake miwili na kipimo chenyewe, hata kama jedwali litalazwa ubavuni. Aandike p kama ilivyo, 0.04 au 0.06, asiandike tu "chini ya 0.05". Na kwa kila mstari amweleze msomaji ingekuwaje wodini kama ukweli ungekuwa mpaka wa chini, na ingekuwaje kama ungekuwa wa juu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa dharura za watoto. Mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umeathirika lakini hajatimiza dalili zote za mshtuko hapewi tena bolasi, na aliyezitimiza hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo, polepole, ndani ya dakika 30 hadi 60. Kuhusu watoto wa namna ya wale 29, wenye shinikizo lililoshuka mno, FEAST haikuwa na kundi lililoachwa bila bolasi. Kwa hiyo hakuna p wala mipaka katika makala ile inayojibu kama bolasi iliwasaidia au iliwadhuru, na anayekuambia ipo mwombe akuonyeshe jedwali.